Kurenda animesheni ndefu kwa Blender bila kumetameta, chenga wala kukrashi: mwongozo kamili

Shida inayoletwa na watu wengi ni ileile. Mtu ametengeneza sebule safi, akarenda fremu moja ikatoka poa, akamwonyesha mteja, mteja akakubali, kisha akarenda video nzima na siling ikaanza kucheza madoa kila sekunde. Ama leptopu ikazima usiku katikati ya kazi na ile MP4 ikakataa kufunguka. Kwa hivyo tutashika kazi moja ya mfano na kwenda nayo hadi mwisho: sebule ya flati Kilimani, usiku, siling ya jipsamu yenye taa za LED zimefichwa ndani, taa ya kusimama kwenye kona, na kamera inatembea polepole kutoka mlangoni hadi dirishani. Sekunde 30, fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu 750, saizi 1920 kwa 1080, na tunarenda na Cycles kwenye leptopu yenye kadi ya NVIDIA ya GB 6.

Jambo moja uliweke akilini kabla hatujaanza: fremu moja ikiwa safi haimaanishi video ni safi. Jicho linasamehe doa lililotulia, likianza kusogea haliachi kuliangalia.

## Vitu unavyohitaji

- Blender, toleo la 3.5 kwenda juu. Matoleo hayo yana Light Tree, ambayo inasaidia sana chumba chenye taa nyingi.
- ffmpeg, ya kuunganisha fremu ziwe video.
- Nafasi kwenye diski. Renda fremu moja, angalia uzito wa faili, zidisha na 750. Faili ikiwa MB 30 hapo ni kama GB 22, na utahitaji nafasi nyingine ya nakala.
- UPS kama unatumia deskitopu. Leptopu ina betri yake lakini ikihamia kwenye betri inapunguza nguvu ya kadi, so usitegemee imalize kazi hivyo.
- Tokeni za stima za kutosha. Hii iko kwenye orodha makusudi, utaona hesabu ya masaa huko mbele.

## Hatua ya 1: Toa fremu, usitoe video

Nenda Output Properties, kwa File Format chagua OpenEXR MultiLayer, na njia ya faili andika hivi:

```
//fremu/f_####
```

Sababu ni mbili. Kwanza, MP4 inafungwa vizuri pale mwisho tu, so stima ikipotea kwenye fremu ya 700 unaweza kubaki na faili isiyofunguka. Ukiwa na fremu mojamoja unapoteza ile moja iliyokuwa inarendwa. Pili, EXR ya aina hii inabeba taarifa za ziada ambazo tutazitumia kusafisha chenga baadaye bila kurenda upya.

Hapohapo toa tiki kwa Overwrite. Ikiwa haina tiki, Blender ikikuta fremu iko tayari kwenye folda inairuka na kuendelea na inayofuata, kwa hivyo kurudia kazi iliyokatika ni kupiga amri ileile tena.

Onyo: Blender inaangalia kama faili ipo, haiangalii kama ni nzima. Stima ikikatika wakati faili inaandikwa, unabaki na kipande kibovu na Blender itakiruka ikidhani kimeisha. Na kama umewasha Placeholders, ambayo inafaa tu mashine mbili zikigawana folda moja, fremu iliyokatika inaacha faili tupu. Kabla hujaendelea, panga folda kwa saizi na ufute zile ndogo kuliko wenzao.

Umefaulu ukirenda fremu tatu, ukafunga Blender, ukaanzisha tena na ukaona imeanzia ya nne.

## Hatua ya 2: Jua kinachometameta ni nini

Hii ndio hatua watu wanaruka, halafu wanaongeza sampuli hadi mashine inalia na shida bado iko pale. Kumetameta kuna vyanzo tofauti na dawa zake hazifanani.

Chagua fremu 25 kutoka sehemu mbaya zaidi. Kwa sebule yetu ni pale kamera inapita chini ya jipsamu. Zima Denoise kwa Render, renda hizo 25, zicheze zikirudiarudia kwa skrini nzima. Kumbuka Overwrite haina tiki, so kila ukibadilisha setingi, na kabla ya kurenda video nzima, futa kwanza fremu za majaribio, la sivyo Blender itaziruka. Sasa angalia.

Ukiona chengachenga ndogondogo zinacheza sawasawa kila mahali lakini hakuna doa kubwa linalosogea, basi yale madoa uliyokuwa unayaona yaliletwa na dinoiza. Inapewa picha yenye taarifa kidogo, inakisia, na kila fremu inakisia vyake. Madoa yake unayajua, ni laini yenye kingo zisizoeleweka, kama unyevu kwenye ukuta, na yanapenda kona, chini ya meza na siling. Dawa iko hatua ya 3 na ya 4.

Ukiona kitu kinaruka hata bila dinoiza, basi shida iko kwenye sini yenyewe na sampuli hazitaisaidia. Pembetatu nyeusi zinazotokea na kupotea ni nyuso mbili zimelaliana mahali pamoja, kwa mfano zulia limewekwa sawa kabisa na sakafu: inua zulia milimita 2 na yameisha. Mistari myembamba inayotambaa, kama ya pazia za mbao au vigae vya mbali, ni tekscha yenye undani mdogo kuliko pikseli, so punguza nguvu ya Bump ama utumie tekscha ndogo zaidi kwa vitu vya mbali. Kitambaa au nywele zinazoruka ni simulesheni ambayo haijabekiwa. Na kama unatumia Adaptive Subdivision, umbo linakatwa upya kadiri kamera inavyosogea na ndio maana uso unachemka. Nenda sehemu ya Subdivision uweke Dicing Camera ambayo haitembei.

Ukuta mzima ukibadilika mwangaza ghafla? Usilaumu Cycles. Tafuta taa iliyowekewa keyframe bila kujua.

Angalia pia Seed, iko chini ya Sampling, Advanced. Ina kialama cha saa pembeni. Kikiwa kimezimwa, chenga zinakaa mahali palepale kwenye skrini huku picha ikipita nyuma yake, ni kama unaangalia kupitia kioo kichafu. Kiwashe, ili kila fremu ipate chenga zake na jicho lizichanganye.

## Hatua ya 3: Ua chenga kwenye chanzo

Kanuni ya Cycles: ukitaka chenga zipungue nusu, sampuli zinaongezeka mara 4. Robo, mara 16. Kwa fremu 750 hiyo ni bei kali sana, so kabla hujagusa sampuli tafuta nani anazitengeneza.

Kwenye sebule yetu ni ile jipsamu. Mtu ametengeneza ukanda wa LED kwa kuweka vitaa vidogo mamia, kila kimoja mesh yenye materiali ya Emission, vimejificha nyuma ya ukingo. Cycles lazima ikisie ni kitaa kipi cha kuelekea kwa kila nukta ya siling, na vingi vimezibwa na ukingo, so sampuli nyingi zinapotea bure. Futa vyote. Weka Area Light nne, ndefu na nyembamba, moja kila upande, zikielekea juu kwenye siling, na upana wake uwe kama sentimita 3. Kwa macho ya mteja hakuna tofauti maana hakuna anayeona ule ukanda wenyewe, lakini kwa chenga tofauti ni kubwa. Ukibaki na hatua moja tu ya mwongozo huu wote, ibaki hii.

Cha pili ni vioo. Dirisha lenye Glass BSDF ya kawaida linazuia mwanga kupita moja kwa moja, unageuka kuwa kostiki, na kostiki ndio mama wa vimulimuli, zile nukta nyeupe kali zinazowaka fremu moja na kupotea. Kwenye materiali ya kioo weka Mix Shader, juu Glass BSDF, chini Transparent BSDF, na kwa Fac unganisha Is Shadow Ray kutoka nodi ya Light Path. Kivuli kinapita, kioo kinabaki kikionekana kioo. Fanya hivyo pia kwa tufe la kioo la ile taa ya kona, na ndani yake toa balbu ya mesh uweke Point Light yenye Radius ya sentimita 4 au 5.

Halafu kwa Light Paths, zima Reflective na Refractive chini ya Caustics, acha Filter Glossy kwa 1, na Clamp ya Indirect Light ishushe kutoka 10 hadi kama 4. Ya Direct Light iache 0. Onyo: ukishusha Clamp hadi 1, vimulimuli vitaisha kweli lakini chumba kitapoa na kuwa giza, kwa sababu unakata mwanga halali pamoja na ule mbaya. Linganisha fremu moja kabla na baada.

Sasa ndio sampuli. Kwa Sampling, Render, anza na hizi:

```
Noise Threshold  0.02
Max Samples      1024
Min Samples      128
```

Ile ya tatu watu huiacha 0 na ndio inawachapa. Noise Threshold inafanya Cycles iache kurenda sehemu ikidhani imeshakuwa safi. Kwenye kona za giza sampuli za kwanza chache zinaweza kukosa mwanga wote, Cycles inaona hakuna tofauti, inasema hapa tumemaliza. Fremu inayofuata sampuli moja inabahatisha mwanga, na kona inabadilika rangi. Min Samples inailazimisha ifanye kazi ya kutosha kabla ya kuamua.

Umefaulu kama zile fremu 25, bado bila dinoiza, zina chenga laini zinazofanana kila mahali na hakuna kimulimuli. Chenga kidogo zibaki, hiyo ni sawa kabisa.

## Hatua ya 4: Safisha kwa kuzingatia fremu jirani

Kuna njia mbili, na inategemea kadi uliyo nayo.

Njia ya kwanza inafanya kazi kwa kila mashine: washa Denoise, chagua OpenImageDenoise, Passes iwe Albedo and Normal, Prefilter iwe Accurate. Inasafisha fremu mojamoja bila kujua ya nyuma ilikuwaje. Kama hatua ya 3 uliifanya vizuri, mara nyingi hii inatosha na unaweza kuishia hapo.

Njia ya pili ni ya kadi za NVIDIA pekee na inatumia OptiX, ambayo inaangalia kitu kimesogea kutoka wapi kwenye fremu iliyopita ili isikisie upya. Kwa View Layer Properties weka tiki kwa Vector na Denoising Data. Zima Denoise wakati wa kurenda, na zima Motion Blur, kwa sababu Blender haitoi Vector ikiwa Motion Blur imewashwa. Ukishapata fremu zote, nakili folda nzima kwingine, kisha kwa mipangilio chagua OptiX kama dinoiza, seva faili, na upige:

```
blender -b sebule.blend --python-expr "import bpy; bpy.ops.cycles.denoise_animation()"
```

Usiruke ile nakala. Amri hii ikipigwa hivi inaandika juu ya fremu zilezile, so ukigundua setingi haikuwa sawa na huna nakala, unarenda upya kila kitu.

Jaribu kwanza na zile 25, Start na End za faili zikiwa za fremu hizo tu, maana amri inakataa fremu ikikosekana, kisha uzirudishe 1 na 750. Umefaulu kama ukiangalia kona ya siling kwa skrini nzima hakuna doa linalopumua. Bado lipo? Usikimbilie dinoiza nyingine. Rudi Noise Threshold uweke 0.01 na ujaribu tena, dinoiza haiwezi kuleta taarifa ambayo haikurendwa.

## Hatua ya 5: Zuia kukrashi

Swali la kwanza: inakrashi fremu ileile kila mara, ama popote?

Fremu ileile kila mara maana yake kuna kitu kwenye fremu hiyo. Kwa kawaida kamera imekaribia mmea au mto wa sofa wenye Subdivision kubwa. Zima vitu nusu, renda fremu hiyo, zima nusu nyingine, utampata haraka.

Popote maana yake ni memori, joto, draiva au stima. Anza na memori. Tekscha ya 4096 kwa 4096 inakula pikseli hizo mara baiti 4, yaani MB 64. Ya 8192 ni MB 256. Sebule yenye materiali 12 zilizodaunilodiwa, kila moja na tekscha 4 za 8192, ni 48 mara 256, karibu GB 12. Kadi yetu ni ya GB 6. Hata ukibahatika ikaanza, itakuwa inakopa memori ya kompyuta na kutambaa, kisha siku moja inakuambia `System is out of GPU memory`.

Zishushe hadi 4096 zote na unabaki na GB 3. Njia rahisi: Render Properties, washa Simplify, na Texture Limit ya Render weka 4096. Kwa video ya 1920 kwa 1080 hakuna mtu ataona tofauti, labda kwa kitu ambacho kamera inakigusa pua kwa pua.

Persistent Data inaongeza kasi kwa kutopakia sini upya kila fremu, lakini inashikilia memori. Kamera pekee ikiwa ndio inasogea, iwashe. Ikikrashi, izime kwanza kabla ya kujaribu kingine.

Halafu usirende kwa dirisha la Blender. Lifunge, renda kwa terminali, maana dirisha lenyewe linakula memori ya kadi. Na ukate kazi vipande vya fremu 25, ili Blender ijifunge na kuanza na memori safi kila baada ya kipande:

```
for a in $(seq 1 25 750); do
  blender -b sebule.blend -s $a -e $((a+24)) -a
done
```

Hii ni ya Linux, na kwa Windows inakubali ndani ya Git Bash. Usibadilishe mpangilio: `-s` na `-e` zitangulie `-a`, kwa sababu Blender inasoma amri kutoka kushoto na ikikutana na `-a` inaanza kurenda hapohapo. Kipande kimoja kikikrashi kinachofuata kinaendelea, na asubuhi unapiga amri tena ijaze mapengo.

Sasa hesabu ya muda. Renda fremu ya 1, 250, 500 na 750, chukua ile iliyochelewa zaidi. Ikiwa ni dakika 2, basi 750 mara 2 ni dakika 1500, yaani masaa 25 mfululizo. Usimwahidi mteja kesho asubuhi. Leptopu isikae juu ya kitanda masaa hayo yote, inua nyuma yake hewa ipite, na zima ile setingi ya Windows ya kulala na ya kujiapdeti.

## Hatua ya 6: Hesabu, unganisha, tuma

Kwanza hakikisha ziko zote:

```
ls fremu/*.exr | wc -l
```

Inafaa kusema 750. Kisha zipitishe kwa Compositor ya Blender: fungua faili jipya, Image iwe Image Sequence, weka idadi ya fremu 750, End ya faili iwe 750 pia, na View Transform iwe ileile uliyotumia kwa sini. Kama nodi haijajiendesha kwa fremu, washa Auto Refresh. Toa PNG kwenye folda mpya, njia ya faili iwe `//png/f_####`, na faili hilo la Blender liseviwe pale pale penye sebule.blend. Ukiipa ffmpeg zile EXR moja kwa moja rangi zitatoka tofauti na ulizoziona, kwa sababu yenyewe haijui AgX wala Filmic.

```
ffmpeg -framerate 25 -start_number 1 -i png/f_%04d.png -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p sebule.mp4
```

Ukiona madoa ya mrabamraba kwenye kuta za giza, fungua PNG za sehemu hiyo kabla hujarudi kurenda. PNG zikiwa safi, shida ni kubanwa kwa video tu, so shusha crf hadi 14 na uunganishe tena, kazi ya dakika chache. Mteja akitaka kuiona kwa WhatsApp, itume kama dokumenti na si kama video, maana WhatsApp ikiibana siling ya jipsamu itaanza kucheza tena na atakuambia hujarekebisha.